Kwa Nini Kioo cha Simu Huchanganya Lugha?

Mtu aliyeiweka simu yake katika Kiswahili hukuta mara kwa mara, katika ukurasa mmoja wa programu, neno "Tuma" likikaa jirani na "Try again". Wengi husema kwamba mfasiri alichoka njiani. Huenda ni kweli. Lakini uchovu wa mfasiri hauelezi kwa nini tarehe iliyo juu ya ukurasa huohuo inasomeka "Jumatatu" pasipo kosa, hata katika programu ambayo haikufasiriwa kamwe. Ili tulielewe jambo hili, yatupasa tufuate njia ambayo simu hupita inapotafuta neno. Mfano wetu utakuwa mfumo wa Android.

Simu hutunza alama fupi inayotaja lugha na nchi aliyoichagua mwenyewe. Kiswahili cha Tanzania huandikwa sw-TZ, na kile cha Kongo sw-CD. Programu nayo, ikiwa imetengenezwa vizuri, haina maneno ya kusomwa ndani ya amri zake. Kila neno hupewa jina, na matini yake huwekwa katika mafaili, faili moja kwa kila lugha. Folda iitwayo values haina alama ya lugha yoyote. Hiyo ndiyo ya akiba, na kwa desturi huandikwa kwa Kiingereza. Folda values-sw hubeba Kiswahili. Tazama mfano huu:

```xml
<!-- values/strings.xml -->
<string name="send">Send</string>
<string name="retry">Try again</string>

<!-- values-sw/strings.xml -->
<string name="send">Tuma</string>
```

Simu yenye alama sw-TZ ikiulizwa neno send, hutazama kwanza kama kuna folda ya Kiswahili cha Tanzania. Haipo. Huenda kwenye values-sw, ikapata "Tuma", ikatosheka. Likifuata neno retry, safari huanza upya: folda ya Tanzania haipo, ile ya Kiswahili ipo lakini haina jina hilo, basi simu hurudi kwenye akiba na kuleta "Try again". Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Uamuzi hufanywa kwa kila neno peke yake, wala si kwa ukurasa mzima. Kwa hiyo toleo jipya la programu likiongeza kitufe kimoja kabla mfasiri hajafikiwa, kitufe hicho pekee hubaki katika Kiingereza. Ni mpango wa busara: kama jina lisingepatikana hata katika akiba, kwa kawaida programu ingekatika palepale.

Tarehe haipiti njia hiyo. Majina ya siku na miezi yamo ndani ya mfumo wenyewe wa simu, kwa hiyo hufuata alama ya lugha pasipo kungoja mfasiri wa programu.

Lipo chanzo kingine, nacho ni cha hila zaidi. Tangu toleo la 7.0 la mwaka 2016, Android humruhusu mtu kupanga lugha kadhaa kwa kufuatana. Tuchukue msomaji wa Lubumbashi aliyeweka Kiswahili kwanza, Kifaransa pili. Anafungua programu yenye Kifaransa kamili na akiba ya Kiingereza, isiyo na Kiswahili. Alistahili kuona Kifaransa. Lakini programu hujengwa pia kwa vipande vilivyotungwa na watu wengine, viitwavyo maktaba, na maktaba moja ilikuja na maneno machache ya Kiswahili kwa ajili ya vitufe vyake. Simu ya toleo hilo huyaona maneno hayo, hudhani kwamba programu yote inajua Kiswahili, na huchagua Kiswahili. Maneno ya programu yenyewe yasipopatikana humo, huangukia kwenye akiba. Msomaji wetu anaona Kiingereza kilichotiwa Kiswahili kidogo, na Kifaransa kilichofasiriwa chote kinakaa bila kazi! Dawa ni mtengenezaji kutaja, wakati wa kuiunganisha programu, lugha anazozihudumia kweli, ili maneno ya lugha nyingine yaliyoletwa na maktaba yatupwe.

Jinsi ya kutambua kosa limetoka wapi? Watengenezaji hutumia lugha ya bandia yenye alama en-XA, ambayo huyachukua maneno ya folda ya akiba na kuyapachika viashiria juu ya herufi. Neno likionekana na viashiria, lilipita njia iliyo sawa, na lililokosekana ni tafsiri tu. Likibaki katika herufi za kawaida, basi liliandikwa moja kwa moja ndani ya amri za programu au lilitumwa kutoka kompyuta ya mbali, na mfasiri hata angejaza faili lake lote asingeweza kulibadili.