Uzito wa Tusi Katika Lugha ya Pili: Neno "Olayioni" Katika Soko la Loitokitok

Wahenga walisema kwamba heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Anayejifunza lugha ya pili hujikwaa ulimi kwa namna ya pekee, kwani matusi makali huonywa mapema, ilhali neno linaloonekana pole halimtahadharishi mtu. Makala hii inalenga kueleza jinsi neno la aina hiyo linavyopata uzito wake, na ni wakati gani huudhi. Mfano wetu unatoka Loitokitok, katika Kaunti ya Kajiado, mji ulio chini ya Mlima Kilimanjaro karibu na mpaka wa Tanzania. Huko Wamaasai, Wakikuyu, Wakamba na Wachaga hukutana sokoni, na Kiswahili huwa daraja baina yao.

Neno lenyewe ni "olayioni", ambalo wingi wake ni "ilayiok". Ukiuliza maana yake, utaambiwa ni mvulana. Jibu hilo si la uongo, lakini limepungukiwa. Katika Kiswahili, mvulana hutofautishwa na mwanamume kwa umri. Katika Kimaasai mpaka hauko kwenye umri bali kwenye tohara. Asiyetahiriwa ni olayioni hata akiwa mrefu kumzidi baba yake. Akishatahiriwa na kupona huingia katika rika la "ilmurran", yaani morani, na baadaye huwa "olpayian", mzee mwenye mji wake. Olayioni huchunga mifugo na kutumwa; haoi wala hana sauti penye kikao cha wazee.

Tuchukulie mfanyabiashara mgeni aliyejifunza maneno machache ya Kimaasai. Anataka kumwita mtu wa makamo aliyeleta mbuzi mnadani. Kwa Kiswahili angesema, "Kijana, hebu njoo," na pengine yule mtu angefurahi kuonekana bado ana nguvu. Badala yake anatafsiri kichwani mwake na kuita, "Olayioni!" Hajamwambia kwamba ni mchanga wa miaka. Amemwambia kwamba hajatahiriwa, kwamba hana rika, na kwamba ndoa yake na kauli yake havina msingi. Neno moja limemvua kila alichokipata tangu siku ya tohara. Kikikuyu, ambacho pia husikika mjini humo, kina neno la mzigo uo huo: "kihii".

Hapa tunapata kanuni ya kwanza: ukali wa tusi haupimwi kwa ubaya wa kitu kinachotajwa, bali kwa hadhi anayopokonywa mtajwa. Hakuna uchafu wowote katika neno "mvulana". Wenyeji wa Kenya waliwahi kulionja jambo hili kwa upande mwingine, pale walowezi walipowaita watumishi wao watu wazima "boi". Kwa Kiingereza neno hilo ni la mtoto wa kiume tu, na kumwita mtoto hivyo si kosa. Kumwita hivyo mpishi mwenye wajukuu kulikuwa kumwondoa katika safu ya watu wazima.

Kanuni ya pili ni kwamba neno lilo hilo halina uzito mmoja siku zote. Likitamkiwa mtoto anayechunga ndama, ni jina la kawaida. Mzee akisimulia utoto wake na kusema, "Nilipokuwa olayioni," hakuna anayeshtuka. Wawili waliotahiriwa pamoja huweza kulitupiana kwa utani, kwa sababu kila mmoja anajua mwenzake ni nani. Lakini likitamkwa mbele ya wanawake, wakwe au wadogo wa mtajwa, utani huisha, kwani sasa kuna mashahidi wa kuvuliwa kwake hadhi.

Jambo la tatu ni ufasaha wa msemaji. Mgeni anayebabaika kwa lafudhi husamehewa, na watu humcheka yeye badala ya kumkasirikia. Akiimarika katika lugha, msamaha hupungua, maana msikilizaji sasa anaamini kwamba neno limechaguliwa. Hatari kubwa basi haimkabili anayeanza bali aliyefika katikati ya safari.

Dalili za kujikwaa ni zipi? Mara nyingi si ugomvi. Ni ukimya wa ghafla, au mtajwa kuacha Kimaasai na kujibu kwa Kiswahili kikavu. Mwanafunzi wa lugha asitosheke kuuliza, "Neno hili lina maana gani?" Aulize, "Nani aweza kumwambia nani neno hili, na mbele ya nani?" Aulize vijana na wazee kwa nafasi tofauti, kisha alinganishe majibu. Hadi atakapojua, ni salama zaidi kumsalimu mwanamume kwa "Sopa" bila kumtajia daraja lolote.