Ukimya Ndani ya Rekodi: Kuijaribu Programu ya Kurekodi Simu Inapoingia

Mtafiti anayerekodi masimulizi ya mzee huko Nyakarenzo, wilayani Rusizi, kwa simu ya mkononi, huamini kwamba faili la dakika 40 lina maneno ya dakika 40. Simu moja ikipokewa katikati ya mahojiano huweza kuibatilisha imani hiyo.

Kuanzia Android 10, simu inapopokewa, mfumo hutoa maikrofoni kwa maongezi hayo. Programu ya kawaida ya kurekodi haisimamishwi wala haipewi taarifa ya kosa. Hupokea ukimya mtupu, huku saa yake ikiendelea kuhesabu. Kwa hiyo urefu wa faili si ushahidi wa kilichomo.

Jaribio lake ni jepesi. Mtu mmoja ahesabu kwa sauti kuanzia 1 hadi 60, nambari moja kila sekunde. Afikapo 20, mwenzake apige simu. Ipokewe papo hapo, ikatwe afikapo 40. Faili lisikilizwe. Ikiwa nambari za katikati hazisikiki, na programu haikuonya, imeshindwa. Jaribio lirudiwe bila kupokea simu, kwani hapo kasoro huwa nyingine: mlio kufunika sauti ya msemaji.

Mtunzi wa programu huweza kuigundua hali hiyo kwa `isClientSilenced()`, akaonyesha onyo na kutia alama mahali penye pengo. Onyo halirudishi maneno yaliyopotea. Humwezesha mtafiti kuomba yarudiwe, mzee angali ameketi mbele yake.