Kiuno, nyonga au saizi? Maneno yanayoirudisha suruali kwa muuzaji

BUJUMBURA. Mteja wa Buterere, kaskazini mwa Bujumbura karibu na uwanja wa ndege, anapoagiza suruali kwa simu hana kioo wala chumba cha kujaribia. Ana picha, maelezo ya mistari michache na jedwali la vipimo. Picha haisemi kama suruali itamtosha. Maelezo na jedwali ndivyo vinavyofanya kazi ya muuzaji aliyesimama na futi shingoni, na neno moja likikaa vibaya suruali hurudi ilikotoka.

Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kongo ikafuata mwaka 2022. Ukurasa mmoja wa duka ulioandikwa kwa Kiswahili unaweza leo kusomwa Buterere, Uvira, Kigoma na Nairobi. Tatizo ni kwamba wasomaji hao hawapimi nguo kwa desturi moja. Burundi na Kongo zilirithi sentimita na msamiati wa Kifaransa. Tanzania, Kenya na Uganda zina mafundi wengi wanaohesabu kwa inchi. Anayetafsiri jedwali bila kulijua hilo huandika Kiswahili fasaha ambacho kila mtu anakielewa kwa namna yake.

Kosa la kwanza huanzia kwenye neno la Kifaransa "taille". Neno hilo hubeba maana tatu: kimo cha mtu, saizi ya nguo, na sehemu ya mwili iliyo kati ya mbavu na nyonga. Ukurasa wa Kifaransa ukiandika "taille 38", maana yake ni saizi namba 38. Mfasiri aliyezoea kwamba neno hilo ni kiuno huandika "kiuno 38". Msomaji wa Dar es Salaam anaiona kuwa ni inchi 38, yaani karibu sentimita 97, kumbe suruali ya kike ya saizi 38 ya Kifaransa hushonwa kwa mtu ambaye kiuno chake ni takriban sentimita 70. Tofauti hiyo haihitaji fundi kuiona. Suruali haipandi hata mapajani.

Namba yenyewe nayo ina uraia. Saizi 38 ya Ufaransa ni 36 Ujerumani, 42 Italia na 10 Uingereza. Kwa hiyo neno "saizi" peke yake halitoshi. Maelezo yaseme "saizi 38 ya Kifaransa", kisha yatoe vipimo vya mwili kwa sentimita na, pembeni, kwa inchi. Inchi moja ni sentimita 2.54, na hesabu hiyo ifanywe na duka, si na mteja.

Lakini hata neno likishakuwa "kiuno" kwa usahihi, safari haijaisha. Kwa Kiswahili kiuno ni eneo kubwa kuliko mstari mmoja wa futi. Mtu anayelalamika kwamba kiuno kinamuuma hushika chini ya mgongo. Mchezaji anayesifiwa kwa kukata kiuno anazungusha nyonga. Na kwa mzungumzaji wa Kirundi, sikio linasogea chini zaidi, kwa kuwa neno lililo karibu kwa sauti, ikibuno, linataja makalio. Hapo ndipo jedwali lenye safu mbili tu, "kiuno" na "nyonga", linapomwacha msomaji wa Bujumbura akibahatisha.

Upande wa vipimo, jambo hili limekwisha kuamuliwa. Viwango vya kimataifa vya kupima mwili kwa ajili ya nguo, vilivyomo katika ISO 8559-1 ya mwaka 2017, vinaweka kiuno katikati ya ubavu wa chini kabisa na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga. Nyonga hupimwa mahali pengine kabisa: pale makalio yanapojaa zaidi, futi ikiwa imelala sawa kuzunguka mwili. Wanaosikia "nyonga" na kufikiria mfupa hupima juu mno, na hupata namba ndogo kuliko inayotakiwa.

Chukua mfano wa mteja mmoja na duka moja. Jedwali la duka linasema saizi 38 ni kiuno sm 70 na nyonga sm 96. Saizi 40 ni 74 na 100. Saizi 42 ni 78 na 104. Saizi 44 ni 82 na 108. Mwili wa mteja wetu ni 70 na 96, yaani 38 kamili. Lakini ukurasa umeandika "pima kiuno" bila kueleza, naye anaweka futi pale anapofungia kitenge, chini ya kitovu, juu ya mifupa ya nyonga. Futi inasoma 82. Anaagiza saizi 44. Suruali inapofika ina sentimita 12 za ziada kiunoni, na fundi wa mtaani hawezi kuipunguza kiasi hicho bila kuvuruga mifuko ya nyuma.

Dalili ya kosa ilikuwepo kabla ya kuagiza. Kiuno kilimpeleka saizi 44 huku nyonga ikimpeleka 38. Kiuno kinapoangukia saizi mbili au zaidi juu ya nyonga, mara nyingi futi imeshuka. Isipokuwa kwa mjamzito au mwenye tumbo lililojaa, duka linaweza kuandika chini ya jedwali: "Kiuno chako kikionyesha saizi kubwa kuliko nyonga kwa hatua mbili, pima tena juu ya kitovu." Kinyume chake, nyonga kuwa saizi moja au mbili juu ya kiuno, ni umbo la kawaida la wanawake wengi. Huyo ashauriwe kuchagua kwa nyonga na kupunguziwa kiunoni.

Mtego wa pili uko katika swali ambalo majedwali mengi hayalijibu: je, hiki ni kipimo cha mwili au cha nguo? Gauni la mtu mwenye kifua cha sm 92 huweza kuwa na sm 98 likipimwa lenyewe. Zile sita ni nafasi ya kupumulia na kuinua mikono. Wauzaji wengi wa jumla hulilaza gauni mezani na kupima kutoka mshono wa ubavu mmoja hadi wa pili, kwa hiyo wanaandika 49. Mfasiri akiandika "kifua 49", mteja wa Bujumbura hudhani ni gauni la mtoto, na wa Nairobi hudhani ni inchi 49, ambazo ni zaidi ya sentimita 124.

Kiswahili kina maneno ya kutenganisha mambo haya, ila lazima yatumiwe bila kuchanganywa. "Mzunguko" ni futi iliyozunguka mwili au nguo. "Upana" ni nguo iliyolazwa. "Kimo" kibaki kwa mtu na "urefu" kwa vazi, ili asije mtu wa kimo cha sm 165 akatafuta gauni la urefu huo. "Mkono" useme unaanzia wapi: kwenye mshono wa bega au katikati ya shingo nyuma. "Mabega" yawe umbali wa kutoka mshono wa bega moja hadi la pili, maana "bega" peke yake ni kipande kifupi cha kutoka shingoni. Urefu wa mguu wa suruali uandikwe mara mbili: kwa ndani, kuanzia miguu ya suruali inapokutana hadi kwenye pindo, na kwa nje, kuanzia kwenye mkanda.

Maneno ya mkao ndiyo magumu kuliko yote, kwa sababu katika mazungumzo ya kila siku mengi ni ya kulaumu. Nguo "inayobana" ni nguo iliyokosa. Nguo "inayopwaya" ni ya kuazima. Mfasiri anayeeleza shati jembamba kuwa "linabana" na fulana ya ovasaizi kuwa "inapwaya" ameshawaambia wateja kwamba bidhaa zote mbili zina kasoro. Matokeo yake huonekana kwenye maagizo: anayesoma "linabana" hupanda saizi moja, na anayesoma "inapwaya" hushuka saizi moja, na wote wawili hupata vazi lisilofanana na picha.

Njia salama ni kueleza vazi linavyokaa, kisha kutoa agizo la saizi. Shati jembamba "linafuata mwili". La kawaida "lina nafasi kidogo kifuani na kiunoni". Fulana ya ovasaizi "imeshonwa pana kwa makusudi, mshono wa bega unashuka, chagua saizi yako ya kila siku". Kitambaa chenye mpira "kinavutika". Kisichokuwa nao "hakivutiki, ukiwa kati ya saizi mbili, chukua kubwa".

Majina ya mavazi nayo yanahitaji uangalifu mpakani. "Chemise" ya Kifaransa ni shati, lakini shimizi katika Kiswahili cha pwani ni vazi la ndani la mwanamke. Msomaji wa Zanzibar akikuta shimizi la kiume la kuvaa ofisini atacheka, na hatanunua.

Kicheko kinakwisha kwenye kitenzi "kurudi". Nguo iliyorudi, kwa Kiswahili cha siku nyingi, ni iliyopungua baada ya kufuliwa. Dukani, kurudi ni kurejeshwa kwa muuzaji. Sentensi "nguo hii hairudi" inaweza kuwa ahadi kwamba haitapungua majini, au onyo kwamba ikishanunuliwa haipokelewi tena. Zote mbili ni habari ambazo mteja anazihitaji, na kila moja itamkasirisha aliyeisoma kwa maana ya pili. Andika "haipungui ikifuliwa" kwa ya kwanza na "haibadilishwi wala haipokelewi tena" kwa ya pili.

Baada ya marekebisho hayo, suruali ya mfano wetu inaelezwa hivi: "Suruali ya kike, saizi 38 ya Kifaransa. Inavaliwa juu, usawa wa kitovu. Inafaa mwili wenye kiuno cha sm 70 (inchi 27.5) na nyonga ya sm 96 (inchi 38). Kiuno: pima juu ya kitovu, ukipumua kawaida. Nyonga: pima makalio yanapojaa zaidi. Kitambaa hakivutiki. Haipungui ikifuliwa."

Kupima kama maelezo yanaeleweka hakuhitaji mtaalamu wa lugha. Watu watatu wanaotosha ni mzungumzaji wa Kirundi, mmoja aliyezoea Kifaransa na mmoja wa Tanzania au Kenya. Kila mmoja apewe futi na maelezo bila picha, ajipime mwenyewe, kisha fundi ampime tena. Wasiulizwe kama wameelewa, kwa kuwa kila mtu hujibu ndiyo. Zitazamwe namba. Pale ambapo kipimo cha mtu na cha fundi vinapishana kwa sentimita nne, upana wa saizi nzima katika jedwali hili, sentensi iliyo juu ya safu hiyo ndiyo ya kuandikwa upya.