Selfi na Kilimanjaro Katika Kadi Moja

Kadi ya posta inayomwonyesha mtu mbele ya mahali maarufu inaweza kutengenezwa kwa picha mbili zilizopigwa mahali tofauti: selfi ya mtu mwenyewe na picha ya mandhari. Programu ya GIMP, ambayo hupatikana bure kwa kompyuta, inatosha kwa kazi yote. Wengi hudhani kwamba ugumu uko katika kukata umbo la mtu, lakini kinachoiumbua picha mara nyingi ni mwanga usiopatana na mtu aliyewekwa kimo kisicho chake. Kwa sababu hiyo kazi huanza kabla ya kufungua kompyuta, wakati wa kuchagua picha.

Mfano mzuri ni Mlima Kilimanjaro uonekanavyo kutoka tambarare za Amboseli, nchini Kenya. Amboseli iko kaskazini mwa mlima, kwa hiyo anayeutazama huelekea kusini, na jua la asubuhi humtokea upande wa kushoto. Selfi itakayounganishwa na picha ya asubuhi lazima nayo iwe na uso unaong'aa upande wa kushoto wa picha na wenye kivuli upande wa kulia. Mwanga wa adhuhuri, unaotia kivuli chini ya nyusi na pua, haufai hapa.

Mwanga ukikosana, selfi inaweza kugeuzwa kama kwenye kioo kwa amri ya `Layer > Transform > Flip Horizontally`, mradi nguo haina maandishi yatakayosomeka kinyume. Mlima wenyewe haugeuzwi. Kutoka Amboseli, kilele cha Mawenzi huonekana kushoto kwa Kibo. Ukigeuza picha, Mawenzi huhamia kulia, kama uonekanavyo mlima kutoka Moshi, na wanaoujua watagundua mara moja.

Jambo la pili ni kimo cha kamera. Kwenye tambarare, kamera iliyoshikwa usawa wa macho huuweka mstari wa upeo usawa wa macho ya kila mtu wa kimo hicho, awe karibu au mbali. Kama picha ya mandhari ilipigwa hivyo, mstari ambapo tambarare inaishia chini ya mlima upite karibu na macho ya mtu aliyeongezwa. Ukipita kiunoni, mtu huonekana kama jitu. Selfi nayo ipigwe kamera ikiwa usawa wa macho, wala isiinuliwe juu ya kichwa. Simu ikiegemezwa mahali umbali wa mita moja na nusu na kupiga kwa kipima muda, pua haitakuzwa kama inavyotokea simu inaposhikwa karibu na uso.

Baada ya hapo, picha ya mlima hufunguliwa, na selfi huletwa juu yake kama tabaka la pili kwa `File > Open as Layers`. Mandhari ya nyuma ya selfi hayafutwi kwa kifutio. Hufichwa kwa `Layer > Mask > Add Layer Mask`. Kwenye tabaka hilo la kufichia, rangi nyeusi huficha na nyeupe hurudisha, hivyo kosa lolote hurekebishika. Ukingo wa mabega hupakwa kwa brashi yenye kingo laini kidogo, na nywele kwa brashi ndogo sana. Selfi inayoishia kifuani lazima iguse ukingo wa chini wa kadi, la sivyo mtu ataonekana anaelea.

Kisha rangi hulinganishwa kwa `Colors > Curves` na `Colors > Color Temperature`. Mlima ulio mbali hufifia na kuwa wa samawati kwa sababu ya hewa iliyo katikati. Mtu aliye mbele asififishwe kama mlima, bali alinganishwe na nyasi zilizo karibu naye. Ili kupima kazi, picha hugeuzwa kwa muda kuwa nyeusi na nyeupe: mtu akibaki mweupe au mweusi kupita vitu vya karibu, mwangaza wake bado haujakaa sawa.

Kadi ya ukubwa wa A6 ina milimita 148 kwa 105. Kwa uchapaji mzuri wa nukta 300 kwa inchi, huhitaji pikseli 1748 kwa 1240. Picha kubwa ikipunguzwa hubaki safi. Ndogo ikikuzwa hupoteza ukali wake, na mtu huonekana amebandikwa.

Picha ya mandhari ikiwa ya mpiga picha mwingine, iombewe ruhusa au ichaguliwe yenye leseni inayoruhusu kuhaririwa, na jina lake liandikwe ikiwa leseni inadai hivyo. Na nyuma ya kadi ielezwe wazi kwamba ni picha iliyounganishwa, ili anayeipokea asidhani kwamba mtumaji alifika Amboseli.