Sita, Tisa na Bei ya Godoro

Tamka polepole: sita, tisa. Irabu ni zilezile. S na t ndizo zimebadilishana viti. Sasa tamka nne na nane huku feni ikivuma. Ukiwa umeshika karatasi yenye namba hutaona tabu yoyote, kwa sababu jicho linalisahihisha sikio. Anayesikiliza tangazo akiwa jikoni hana karatasi.

Tuseme duka la magodoro linataka tangazo la sekunde 30, la redioni na la televisheni. Mwenye duka ameandika: godoro Tsh 125,500/= tu, ofa mwisho 11/07, piga simu, na namba yake inaishia 649684. Kwenye bango maandishi hayo yangepita. Atakayekwama ni msomaji aliye mbele ya kipaza sauti.

Tuanze na bei. Mtu akisema "elfu ishirini na tano", amesema 25,000 au 20,005? Kwa maneno yenyewe yote mawili yanawezekana. Tunaelewana kwa kuwa hakuna anayeuza kitu kwa 20,005. Ila hapa kuna mia tano mkiani: "laki moja elfu ishirini na tano na mia tano". Tano mbili na "na" mbili zimefuatana mbiombio, na msikilizaji hajui akate wapi. Dawa ni kuipeleka elfu nyuma: "laki moja, ishirini na tano elfu, na mia tano." Skripti ya sauti iandikwe hivyo, kwa maneno na mikato yake. Msomaji akiachiwa tarakimu tupu ataisoma alivyozoea kwao.

Redioni mimi ningekwenda mbali zaidi: "haifiki laki moja na thelathini elfu". Ni kweli, na inakaa kichwani. Bei kamili ibaki kwenye skrini: Sh 125,500. Ile /= huonyesha kwamba hakuna senti, na kwenye skrini ndogo inasonga tarakimu bure. Lakini usipunguze kuelekea chini. Ukisema "laki na ishirini na tano", mteja atafika na pesa hiyo kamili, na keshia ndiye atakayetukanwa kwa ajili ya mia tano yako.

Namba ya simu ndiyo ngumu kuliko zote, kwa kuwa bei ikisikika vibaya unaweza kukisia, namba ya simu haikisiwi. Wengi wetu husoma mbilimbili: "sitini na nne, tisini na sita, themanini na nne". Mwandishi mwenye haraka ataandika 60, kisha 4, na namba imeshaharibika. Soma tarakimu mojamoja, kwa mafungu: nne za mwanzo, tatu, kisha tatu. Mwisho wa namba yetu utakuwa "sita nne tisa", pumzi, "sita nane nne". Skrini nayo ikate palepale: 649 684. Sauti ikisoma mbilimbili huku maandishi yamekatwa tatutatu, macho na masikio yatagombana, na mtazamaji ataacha kuandika.

Kusoma tarakimu kumi kwa kasi ya mtu kuandika huchukua takriban sekunde tano. Mara mbili ni kumi, yaani theluthi ya tangazo letu. Mwenye duka atalalamika, lakini redioni kuitaja mara moja ni sawa na kutoitaja. Kama muda hautoshi, punguza sifa za godoro. Kwenye televisheni namba itokee kabla sauti haijaanza kuisoma na ibaki baada ya sauti kumaliza, maana mtu anahitaji muda wa kuitafuta simu yake.

Tarehe ina mtego mmoja mkubwa. Sisi 11/07 ni Julai, lakini aliyezoea mpangilio wa Kimarekani ataona Novemba. Skrini iandike "Jumamosi, 11 Julai". Kwenye sauti, Juni na Julai zinaanza sawa, na Jumamosi nayo imeingiza "Ju" yake, hivyo ni afadhali kusema "Jumamosi, tarehe kumi na moja mwezi wa saba". Usiandike "Jumamosi hii". Tangazo likirudiwa wiki inayofuata litakuwa linasema uongo. Tena "hadi Jumamosi" huacha swali kama Jumamosi yenyewe imo. "Siku ya mwisho ni Jumamosi" haliachi.

Kabla ya kulipia studio, mpigie simu mtu ambaye hajaiona skripti. Msomee mara moja, bila kurudia, kisha akutumie kwa ujumbe alichoandika. Akirudisha 649 644, nane imemezwa: mwambie msomaji aivute kidogo, naa-ne, kisha umpigie mtu mwingine, kwa sababu huyu wa kwanza ameshaijua namba.