Kodi ya Nyumba ya Miaka Minne

Mwishoni mwa karne ya 13, wafanyabiashara wa Firenze, Italia, walikuwa wametapakaa hadi kusini mwa Ufaransa. Mmoja wao, Giovanni Farolfi, alikuwa na kampuni mjini Nîmes, nayo ikafungua tawi katika mji mdogo wa Salon, Provence. Tawi lilinunua, likauza na likakopesha, na miongoni mwa wateja wake wakubwa alikuwa Askofu Mkuu wa Arles. Hesabu zake za mwaka 1299 na 1300 ziliandikwa na Amatino Manucci. Sehemu ya daftari lake imesalia, imechakaa na kurasa nyingi zimepotea, lakini kilichobaki kinatosha kuonyesha kwamba Manucci alikuwa akiandika kila jambo mara mbili.

Tuanze na kodi ya nyumba. Tawi lililipa kodi ya miaka minne kwa mkupuo, pauni 16 za fedha ya Tours iliyotumika Ufaransa wakati ule. Mtu wa kawaida angeandika kwamba pauni 16 zimetoka, akafunga daftari. Mwaka ungekwisha hesabu ikionyesha gharama ya pauni 16, na faida ya mwaka huo ingepungua kwa kiasi hicho chote. Miaka mitatu iliyofuata ingeonekana kana kwamba watu wanakaa bure.

Manucci hakufanya hivyo. Fedha taslimu zilipungua kwa 16, lakini papo hapo kampuni ilipata kitu kingine, yaani haki ya kukaa katika nyumba ile miaka minne. Haki hiyo ikapewa ukurasa wake na kuandikiwa 16. Mwaka mmoja ulipopita, pauni 4 zilitolewa kwenye ukurasa huo zikapelekwa kwenye gharama za mwaka. Zikabaki 12, na hizo zilikuwa bado ni mali ya kampuni kama gunia la ngano lililoko ghalani. Wahasibu wa leo wanafanya hivyo hivyo na kodi au bima iliyolipwa kabla ya wakati wake.

Kwa nini mtu ajisumbue namna hiyo kwa ajili ya pauni 12? Kwa sababu fedha hazikuwa zake peke yake. Kampuni za Firenze zilikuwa za ubia: watu kadhaa huchanga mtaji, hugawana faida kwa mafungu waliyokubaliana, na mkataba ukiisha kila mmoja huchukua chake. Mbia anayejitoa mwisho wa mwaka wa kwanza angepunjwa iwapo kodi ya miaka minne yote ingekatwa kwenye faida ya mwaka ule. Isitoshe, wenye mali walikaa mji mmoja na msimamizi akafanya kazi mji mwingine, mwendo wa siku kadhaa. Hawakuweza kuhesabu magunia kwa macho yao. Walichoweza kukagua ni maandishi.

Mbinu hii haikubuniwa na mtu mmoja kwa siku moja. Ilianzia kwenye daftari la mkopo, lile ambalo mwenye duka yeyote analijua: huyu anatudai, yule tunamdai. Kwa muda mrefu kurasa zilikuwa za watu tu. Hatua kubwa ilikuja pale waandishi walipoanza kuvipa kurasa vitu visivyo watu, kama sanduku la fedha, nyumba, shehena ya bidhaa, gharama na faida, na kuvitendea kana kwamba navyo vinadai na kudaiwa. Ukimpa mteja kitambaa kwa mkopo, yeye anadaiwa na akaunti ya kitambaa inadai. Akilipa, sanduku linadaiwa na yeye anafutiwa deni lake. Upande wa kudaiwa ndio debiti, upande wa kudai ndio krediti. Kila jambo hugusa kurasa mbili kwa kiasi kilekile, na kila andiko hutaja ukurasa lilipo pacha wake.

Hapo ndipo bidhaa ilipoweza kujieleza yenyewe. Katika madaftari ya serikali ya mji wa Genova ya mwaka 1340 kuna akaunti ya pilipili manga. Upande mmoja pameandikwa bei ya kununulia na gharama zake, upande wa pili mauzo. Mauzo hayakufikia gharama, na tofauti ikahamishiwa kwenye ukurasa wa hasara. Wanahistoria wanaona kwamba serikali ilinunua pilipili kwa mkopo na kuiuza kwa fedha taslimu, hata kwa hasara, ili ipate fedha za haraka. Hasara ile ilikuwa riba iliyovaa kanzu ya pilipili, na akaunti iliitaja kiasi chake bila haya.

Jina linalotajwa zaidi katika habari hizi ni la mtawa Mfransisko, Luca Pacioli, aliyechapisha kitabu kikubwa cha hisabati mjini Venisi mwaka 1494 na ndani yake akaweka sehemu ya kueleza utunzaji wa hesabu. Humwita baba wa uhasibu, sifa ambayo naona imezidi kidogo, maana mwenyewe alisema anaeleza desturi ya wafanyabiashara wa Venisi. Benedetto Cotrugli alikwisha kuigusia mbinu hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1458, ila kilibaki maandishi ya mkono hadi kilipochapishwa mwaka 1573. Pacioli alipata mashine ya uchapaji. Alifundisha madaftari matatu: la kwanza la kunakili mambo yanavyotokea, la pili la kuyapanga kwa debiti na krediti, na la tatu, leja, la kuyagawa kwenye akaunti zake.

Mwisho hujumlishwa debiti zote na krediti zote. Zisipolingana, pana kosa, na mara nyingi tofauti yenyewe huonyesha pa kutafuta. Ukikuta imepungua 60, tafuta andiko la 30 lililowekwa upande usio wake, kwa sababu kosa hilo huzaa tofauti mara mbili ya kiasi chake. Tofauti ikigawanyika kwa tisa bila kubaki kitu, shuku tarakimu zilizopinduliwa: aliyeandika 170 badala ya 710 amekosea kwa 540, ambayo ni tisa mara sitini. Hata programu za kompyuta zinazotumiwa na benki leo hukataa kupokea andiko ambalo pande zake hazilingani. Kompyuta imeondoa kazi ya kujumlisha, ila muundo wa kurasa mbili umebaki, kwa kuwa bado kuna wabia, wakopeshaji na wenye mali walio mbali wanaotaka kujua kilicho chao.

Lakini kulingana si ukweli. Biashara isiyoandikwa kabisa haivurugi ulinganifu, kwani imekosekana pande zote mbili. Deni lililowekwa kwenye ukurasa wa mtu mwingine halivurugi. Na deni lisilolipika, likiendelea kuandikwa kama mali, hulingana vizuri sana.

Benki ya Medici ya Firenze iliyajua haya. Kila tawi lilitakiwa kupeleka mizania Firenze, na huko wadaiwa walipitiwa mmoja mmoja ili wasiolipa wajulikane. Ila Tommaso Portinari, meneja wa tawi la Bruges, aliendelea kumkopesha Karolo, mtawala wa Burgundia, kupita kiwango alichoruhusiwa na mkataba. Meneja mkuu, Francesco Sassetti, hakuwa mtu wa kuwabana wakuu wa matawi. Januari 1477 Karolo aliuawa vitani karibu na mji wa Nancy. Miaka michache baadaye akina Medici waliachana na Portinari na kufunga shughuli zao Bruges, wakiwa wamebaki na madeni ambayo kwenye leja yalikuwa yamehesabiwa kuwa mali.