Logo ya WhatsApp haiingie kwenye banderoli vile ilivyo

Wandugu, mutu akikutumia logo kwa WhatsApp na kukuambia uiweke pahali pa ile ya zamani, kwanza angalia ukubwa wake. Ile niliyopewa na koperative moja ya wakulima wa mahindi ilikuwa na pikseli 200 tu za upana, na kwenye banderoli ilipaswa kuchukua sentimita 60. Gawanya mwenyewe: kila pikseli inakuwa mraba wa milimita 3. Ukisimama karibu, unahesabu ngazi pembeni ya kila herufi.

Mbele ya kuchora, omba PDF yoyote yao, hata barua ya zamani. Ifungue, ikuze sana. Pembe zikibaki safi, logo ya vekta iko humo ndani, kazi imeisha. Yao ilikuwa ni ile ile picha yenye ukungu.

Wengi hapo wanakimbilia «Vectoriser un objet matriciel» ya Inkscape. Kwa mchoro mukubwa, mweusi juu ya nyeupe, inasaidia kweli. Lakini kwa picha ndogo, programu haijue kama hii ni duara ao herufi, inafuata ukungu tu. Duara inatoka kama kiazi, ikiwa na nukta makumi, wakati duara safi inahitaji 4 tu.

Njo maana ninachora upya juu ya picha. Ninaiweka kwenye tabaka la chini, ninaifanya hafifu, ninaifunga isisogee. Duara ninaitoa na chombo cha duara, nikishika Ctrl. Ukingo wa kweli unaupata katikati ya ile sehemu inayofifia, si nje wala ndani. Suke la muhindi: nilichora punje moja, nikaikopi. Majani nilichora yote mawili, juu moja lilikuwa fupi, na logo ni yao, si mimi wa kuirekebisha.

Rangi ichukue katikati ya eneo pana, kwani pembeni JPEG imeshazichanganya. Jina linalozunguka, usilichore: tafuta aina ya herufi inayofanana (R na G zinasema mingi), kisha «Texte > Mettre suivant un chemin». Herufi moja haikusomeka, e ao c, nikauliza sekretari wao. Kubahatisha jina la watu, hapana. Ukimaliza, weka kopi pembeni, halafu «Chemin > Objet en chemin», ili kwenye nyumba ya kuchapisha herufi zisibadilike.

Sasa punguza kazi yako mpaka pikseli 200, uilaze kando ya ile ya kwanza. Kama jicho linaona tofauti ya umbo ao uzito wa mistari, rudi. Kwenye banderoli, logo ya zamani ilikuwa ndefu na mpya ni ya mviringo, basi nililinganisha urefu wa kwenda juu na katikati yake, bila kuivuta ijaze nafasi yote.